Barua niliyojitumia mwenyewe kabla ya mtihani wa kidato cha sita

Kila niliyemwambia nataka kujiandikia barua ya kusoma karibu na mtihani alinipa ushauri uleule: jitie moyo, itie kwenye bahasha, mpe mtu akuwekee. Mwenzangu wa dahalia aliufuata. Barua alimkabidhi shangazi yake wa Chake Chake, na shangazi kwa mapenzi yake akampa usiku wa kuamkia karatasi ya kwanza. Ndani mlikuwa na maneno mazuri ya kumwambia asiogope, najua umesoma. Alilia, kwa sababu mada mbili alikuwa hajazigusa na usiku ule haukuwa na nafasi ya kuzisoma. Mpaka leo ushauri ule unaniudhi. Barua kama ile haimuulizi mtu kitu, inampongeza tu bila kujua kama amesoma.

Mimi nilitaka barua ya kunikagua. Nilikuwa nasoma PCB hapa Wete, na mtihani wa kidato cha sita huanza mapema Mei. Niliiandika Januari, skuli zilipofunguliwa, nikaipanga ifike katikati ya Aprili. Wiki tatu zinatosha kurudia mada moja au mbili zilizolegea. Ukiiweka mapema zaidi, mada nyingine zinakuwa hata hazijasomeshwa.

Ndani sikuandika "umejiandaa?" maana swali hilo kila mtu hujibu ndiyo. Niliandika maswali ya kujibiwa kwa kalamu, daftari limefungwa, kutoka kwenye mada zilizokuwa zikinisumbua Januari. La kwanza: cm³ 25 za NaOH yenye 0.1 M zimemalizwa na cm³ 20 za H₂SO₄. Tafuta molariti ya asidi. La pili: andika hatua zote za mzunguko wa Born-Haber wa NaCl. Chini yake nikaongeza: mada gani hujaifungua tangu Januari? Itaje jina.

Hila ninayojivunia ni kwamba majibu sikuyatia humo. Niliandika barua mbili. Ya maswali ifike alfajiri, na ya majibu ifike jioni ya siku ileile, pamoja na picha ya ukurasa wa daftari nilipokokotoa na mwalimu. Jibu likiwa chini ya swali, jicho hulikimbilia, kisha unajiambia ulikuwa unalijua.

Nilitumia Gmail ya simu. Unaandika barua kwenda kwa anwani yako mwenyewe, unabonyeza vidoti vitatu vya juu, unachagua `Schedule send`, halafu `Pick date & time`. Ukishamaliza, ingia kwenye folda ya `Scheduled` uione kwa macho. Kama haimo, haijapangwa. Ikiwa imo, siku ya kufika hata simu ikiwa imezimwa itatumwa tu, kwa kuwa inakaa kwa Google, haikai kwenye simu. Gharama yake ni bando dogo tu, la elfu moja linabaki.

Saa ndiyo inayowakosesha wengi. Binti ammi yangu alitaka yake ifike saa kumi na moja na nusu alfajiri, akaandika 11:30 AM. Ikamfikia karibu na adhuhuri, yumo darasani. Simu inahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa zetu za alfajiri unaziondolea sita: kumi na moja na nusu ni 5:30 AM. Saa mbili za usiku ni 8:00 PM.

Barua yangu ilipofika nilikuwa nimeshasali. Swali la asidi nililimaliza bila shida: mol 0.0025 za NaOH, nusu yake kwa asidi kwa sababu H₂SO₄ moja inachukua NaOH mbili, kisha gawa kwa 0.020, unapata 0.0625 M. Asiyegawa kwa mbili hupata 0.125, na hiyo ndiyo alama ya kuwa hakuandika mlinganyo kwanza. Born-Haber niliandika hatua nne. Jioni picha ikanionesha ya tano: kuivunja Cl₂ ili ipatikane atomu moja ya klorini, yaani nusu ya nishati ya kuivunja molekuli nzima. Kwenye mada ambayo haijafunguliwa niliandika jenetiki, na kuiona imeandikwa kwa mkono wangu kulinishtua kuliko mwalimu yeyote.

Wiki ile ratiba niliipindua. Asubuhi zote zikawa za jenetiki, jioni mizunguko ya nishati, na mada nilizozimudu nikaziacha mpaka mwisho.

Mdogo wangu yuko kidato cha nne na mtihani wao ni Novemba. Tumeipanga yake ifike katikati ya Oktoba, 5:30 AM, na ya majibu 8:00 PM. Maswali ameyachagua mwenyewe, yote ya hesabu.