Siku yangu na kisanduku cha 12

Ndugu zangu wanajua nashinda nikitazama picha kwenye kompyuta. Ni kweli, ila picha zenyewe ni ritani za kodi ya mapato ya mwaka, zilizojazwa kwa kalamu kisha zikaskaniwa. Nahakiki kama kila jumla ya fomu kuu inakubaliana na jedwali lake.

Saa 2 asubuhi nafungua foleni. Hadi saa 5 fomu zinapita kimya kimya: mwaka wa mapato, kurasa, sahihi, jumla moja baada ya nyingine.

Saa 5 na nusu ikaja iliyonimalizia siku. Kisanduku cha 12, mapato ya pango: 4,862,500. Jumla ya jedwali la pango: 4,826,500. Tofauti 36,000.

Kwanza nilishuku macho yangu, maana mkunjo wa karatasi ulipita juu ya tarakimu. Nikakuza picha; 6 ni 6 na 2 ni 2. Nikagawa 36,000 kwa 9, nikapata 4,000 kamili. Tofauti inayogawanyika kwa 9 bila baki mara nyingi hutokana na tarakimu mbili jirani kubadilishana nafasi, na ile 4 inalingana na pengo kati ya 6 na 2. Lakini hiyo ni dalili tu. Haikuambii upande upi umekosea.

Jumla iliyoandikwa chini ya jedwali siiamini mpaka niijumlishe mwenyewe. Nyumba nne: 1,350,000, 1,248,500, 1,128,000 na 1,100,000. Zikatoa 4,826,500. Jedwali liko sawa.

Hapo simu ikalia. Mhasibu aliyemwandalia mteja fomu alikuwa na haraka.

"Dada, si tarakimu mbili tu? Zigeuze tuendelee."

"Siwezi, kaka. Fomu ina sahihi ya mwenyewe. Nikigusa namba, inakuwa tamko langu, si lake."

Akapiga tena. Na tena. Chakula cha mchana nikakisahau, kichwa kikaanza kugonga, na swali kubwa lilikuwa bado halijajibiwa: kosa limeishia kwenye kisanduku, au limeteremka hadi kwenye kodi?

Nikashuka kisanduku cha 13, jumla ya mapato. Mshahara 9,600,000 ukijumlishwa na pango la kisanduku cha 12 ungetoa 14,462,500. Iliyoandikwa ni 14,426,500. Kumbe aliyejumlisha alitumia namba ya jedwali, akakosea kunakili tu. Kuanzia hapo nikafuata hadi kodi yenyewe; yote imejengwa juu ya jumla sahihi.

Jioni ilishaingia nilipoandika hoja: kisanduku cha 12 hakilingani na jedwali la pango wala na kisanduku cha 13, tofauti 36,000, kodi haibadiliki, mwenye fomu athibitishe kwa maandishi. Nikampigia mhasibu mimi mwenyewe nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema anatafuta nakala yake. Fomu nimeiacha kwenye foleni ya kusubiri.