Nilivyopanga vipindi vya kupeleka oda Kisumu, na kwa nini oda za samaki hufungwa saa mbili usiku

Biashara yetu, mimi na dadangu, ni kupelekea watu samaki na mboga nyumbani. Samaki tunachukua Dunga, mboga tunachukua Kibuye, na stoo yetu haiko mbali na soko hilo la Kibuye. Mteja anaagiza kwa WhatsApp, analipa kwa M-Pesa, boda anampelekea. Zamani tulikuwa tukisema tu "leo jioni utapata," na kila mtu alitaka hiyo jioni. Nikaamua kugawa siku katika vipindi viwili, saa nne hadi saa sita mchana, na saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, kila kimoja na kikomo chake cha oda.

Kikomo nilikipata barabarani kwa kumfuata boda nikiwa na saa mkononi. Kutoka stoo hadi nyumba ya kwanza Milimani ni kama dakika kumi na tano. Baada ya hapo, kila mteja anakula dakika tisa hivi, nne za mwendo na tano za getini, maana askari lazima apige simu ndani, mteja ashuke, akague samaki wake. Kurudi stoo ni kumi na tano nyingine. Ukitoa nusu saa ya kwenda na kurudi kwenye saa mbili za kipindi, zinabaki dakika tisini, sawa na wateja kumi. Lakini kreti iliyofungwa nyuma ya pikipiki inabeba mifuko minane bila kuponda nyanya. Kwa hiyo kikomo cha Milimani ni nane, kwa sababu kreti hujaa kabla muda haujaisha. Ukiwa na biashara kama hii, pima muda, pima kreti, pima na meza ya kufungashia, kisha chukua namba iliyo ndogo kuliko zote.

Mamboleo na Riat hesabu ilikuja tofauti kabisa. Kufika huko ni dakika ishirini na tano, nyumba zimeachana, kuna mlima, na kila mteja anachukua robo saa. Saa mbili ukitoa dakika hamsini za kwenda na kurudi zinabaki sabini, ambazo zinatosha wateja wanne tu. Hapa muda ndio unaobana, kreti inarudi na nafasi. Ndiyo maana sikuweka namba moja kwa mji mzima. Ungeweka kumi na mbili kwa wote, siku moja oda nane zingetoka Riat na boda wa huko angekuwa bado njiani Maghrib ikiadhiniwa. Kila eneo lina boda wake na kikomo chake.

Kati ya zile nane za Milimani, wateja wanaona saba. Moja naiweka kando kwa ajili ya aliyekosekana nyumbani kipindi cha kwanza, apelekewe cha pili bila kumsukuma mtu mwingine nje. Asipokuwepo wa namna hiyo, naifungua mchana.

Saa ya kufunga oda niliihesabu kwa kurudi nyuma. Boda wa kipindi cha kwanza anatoka saa nne kasorobo, kwa hiyo mifuko iwe tayari saa tatu na nusu. Oda kumi na moja, saba za Milimani na nne za Riat, kwa watu wawili, kila moja dakika kumi za kupara magamba, kutoa matumbo na kufungasha, ni kama saa nzima. Basi samaki wawe mezani saa mbili na nusu, na dadangu awe ameshanunua Dunga saa moja na nusu hivi. Mama anayetuuzia huko anataka kujua usiku ni ngege wangapi na mbuta kilo ngapi atuwekee boti zikifika, na anataka amana yake. Kujumlisha oda na kumtumia pesa kunachukua kama saa moja, na yeye analala mapema. Hapo ndipo ilipotoka saa mbili usiku. Mboga na unga havina shida hiyo, Kibuye iko karibu, kwa hiyo oda za jioni zisizo na samaki hufungwa saa saba mchana siku hiyo hiyo.

Haya yote yanakaa kwenye jedwali moja la Google Sheets. Safu A ni tarehe, B kipindi, C eneo, D nafasi ambazo oda inachukua. Oda ya nyumbani ni nafasi 1, ya hoteli yenye mfuko mzima wa sukuma wiki ni 3. Pembeni, E hadi H, kuna tarehe, kipindi, eneo na kikomo, na fomula hii inaonyesha nafasi zilizobaki kwa oda za samaki:

```
=IF(NOW()>E2-1+TIME(20,0,0),"IMEFUNGWA",H2-SUMIFS(D:D,A:A,E2,B:B,F2,C:C,G2))
```

`E2-1` ni siku iliyotangulia, na `TIME(20,0,0)` ni saa mbili usiku. Kuna mipangilio miwili ya kuangalia kabla ya kuiamini, yote ndani ya `File`, kisha `Settings`. Kwanza `Time zone` isome Nairobi. Ikisoma GMT, jedwali litafunga saa tano usiku, na oda zitaingia wakati mama wa Dunga ameshalala. Pili, chini ya `Calculation` chagua `On change and every minute`, la sivyo neno IMEFUNGWA halitokei mpaka mtu aandike kitu.

Oda tunaiandika pale mteja anapochagua kipindi, kabla hajalipa, ili nafasi ya mwisho isiahidiwe watu wawili. Ana nusu saa. Ujumbe wa M-Pesa usipoingia, D inakuwa 0 na nafasi inarudi yenyewe.

Wateja waliuliza maswali, na ni haki yao. Mama mmoja wa Milimani alinipigia saa tatu usiku: "Mwanangu, ni ngege wawili tu, wataharibu nini?" Nikamwambia, "Mama, nikikubali, dadangu atafika Dunga akose wawili, na atakayekosa ni yule aliyelipa jioni. Nikuwekee wa kesho kutwa sasa hivi?" Akakubali. Siku hizi huagiza Jumatano kwa ajili ya Ijumaa.

Namba zenyewe hazikai milele. Boda anaandika saa aliyokabidhi mfuko wa mwisho. Ukipita mwisho wa kipindi zaidi ya mara moja kwa wiki, napunguza nafasi moja, na akimaliza mapema wiki nzima huku kreti ikiwa na nafasi, naongeza moja. Cha jioni nakipunguza zaidi kuanzia Machi hadi Mei, kwa sababu mvua ya Kisumu hupenda kuanguka alasiri na boda hulazimika kujikinga kwanza. Milimani hushuka kutoka saba hadi tano, Riat kutoka nne hadi mbili. Cha asubuhi sikigusi.