Simu yangu ilivyokataa kujaa ndani ya teksi

Ninaendesha teksi Mombasa, na simu yangu hukaa kwenye ramani tangu asubuhi hadi usiku. Mwezi wa Machi, wakati joto la kaskazi lilipokuwa kali, niliona jambo lililonitia wasiwasi: nilitoka Mtwapa kwenda Likoni simu ikiwa na asilimia 34 na ikichajiwa njia nzima, lakini baada ya dakika 50 nilikuta asilimia 33. Mgongo wake ulikuwa wa moto kiasi cha kutoshikika kwa raha. Nilinunua chaja nyingine ya gari, hali ikabaki ileile.

Fundi wa simu niliyemwendea hakutaka kuniuzia kitu. Alinionyesha kipimo kidogo kinachochomekwa kati ya chaja na waya, ambacho husoma volti na ampea, akaniambia, "Kaka, usinunue chaja ya tatu kabla hujajua umeme unapungukia wapi." Nilinunua kipimo hicho, nikaweka pia kwenye simu programu inayosoma joto la betri.

Nilianzia nyumbani usiku, simu ikiwa baridi na betri ikiwa chini ya nusu, kwa sababu betri inapokaribia kujaa simu hupunguza umeme yenyewe na kipimo huweza kumpotosha mtu. Kwa chaja ya ukutani na waya wangu wa mita mbili nilipata ampea 0.9, na kwa chaja hiyohiyo na waya mfupi mnene nikapata 1.8. Waya mrefu wenye nyuzi nyembamba hupoteza volti njiani, na simu ikiona volti zinashuka huvuta umeme kidogo. Nikauacha waya ule siku hiyohiyo.

Hata hivyo, ndani ya gari waya mpya haukunisaidia. Simu ilikuwa kwenye kishikio kilichobandikwa kioo cha mbele, jua likiipiga, mwangaza wa skrini ukiwa juu kabisa, nami nikiwa nimewawashia abiria hotspoti. Joto la betri lilisoma nyuzi 44 na kipimo kikasoma ampea 0.4 tu. Hapo nilielewa kwamba simu ndiyo iliyokuwa ikijizuia: betri ya lithiamu huharibika haraka ikichajiwa ikiwa na joto kubwa, na kikomo cha kawaida cha kuichaji ni karibu nyuzi 45, kwa hiyo simu hubana umeme kabla ya kufika hapo na hatimaye husimamisha kabisa. Ampea 0.4 kwa volti 5 ni wati 2, na ramani pamoja na skrini angavu vinaweza kula kiasi hichohicho au zaidi. Ndiyo maana asilimia haikupanda.

Nilihamisha kishikio kutoka kwenye kioo hadi kwenye tundu la kiyoyozi, ili hewa baridi ipulize mgongo wa simu, nikavua kava nene la mpira ambalo lilikuwa likifungia joto ndani. Kwa kuwa jua halikuigusa tena, niliweza kushusha mwangaza hadi nusu na bado nikaiona ramani vizuri. Hotspoti niliizima, na huiwasha abiria anapoomba, kwa sababu huilazimisha redio ya simu kufanya kazi mfululizo, na mahali penye mtandao hafifu kazi hiyo huwa nzito zaidi.

Jumamosi iliyofuata nilirudia njia ileile, saa ileile. Betri haikupita nyuzi 37, kipimo kilisoma ampea 1.7, na katika dakika 50 simu ilipanda kutoka asilimia 31 hadi 53. Chaja ilikuwa ileile niliyodhani ni mbovu.

Mwenzangu mmoja hupoza simu yake kwenye friji, na nimemsihi aache. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, na simu baridi ikitolewa kwenye hewa hiyo hutokwa na matone ambayo yanaweza kuingia kwenye tundu la chaja na ndani kwenyewe. Kuitoa kwenye chaja, kuvua kava na kuiweka kivulini penye upepo kunatosha. Na kama mgongo wa simu umefura au skrini imeinuka, usiichaji tena hata ikiwa baridi. Mpelekee fundi abadilishe betri.

Kwenye foleni ya feri ya Likoni adhuhuri, ninapozima injini na kiyoyozi kikazimika nacho, betri bado hupanda hadi nyuzi 40 na zaidi. Hapo huchomoa waya, huzima skrini, na husubiri hadi gari lishuke upande wa pili ndipo nianze kuchaji tena.