Ninavyojaza cheti cha kukabidhi mfumo wa kengele za moto, kasoro zikiwa bado wazi

Mfano nitakaoutumia ni jengo la ofisi la ghorofa nne, lenye mgahawa chini na lifti moja. Mkataba ulitaka mfumo ufuate BS 5839-1, kiwango cha Uingereza cha mifumo ya kengele za moto. Zoni zilikuwa sita: sakafu ya chini, ghorofa ya kwanza hadi ya nne, na ngazi peke yake.

Kupima zoni tunahitaji watu wawili wenye redio za mkononi. Aliye kwenye kitambuzi anapuliza moshi wa majaribio na kunyamaza. Aliye kwenye paneli anasoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye skrini, naye wa kwanza anathibitisha kama ndipo alipo. Mpangilio huu ni wa makusudi, kwa sababu ukimtajia wa paneli mahali kabla hajasoma, ataitikia tu.

Hivyo ndivyo tulivyogundua kwamba moshi wa korido ya ghorofa ya pili unaonekana kwenye paneli kama moshi wa stoo. Zoni ilikuwa sahihi, kengele zililia vizuri, ila anwani za vitambuzi viwili vilivyo jirani zilikuwa zimebadilishana. Mlinzi angefungua stoo na kukuta hakuna kitu, moto uko nje ya mlango. Kwenye safu ya zoni sikuweka alama ya tiki. Niliandika anwani, maneno yaliyosomeka na mahali halisi. Maandishi yaliporekebishwa nilipima vitambuzi vyote viwili upya.

Kazi kubwa iko kwenye jedwali la sababu na matokeo, yaani orodha ya kile ambacho kila kifaa kinapaswa kufanya moto ukitokea kwenye zoni fulani. Paneli nyingi zina hali ya majaribio ya kutembea, ambayo huzuia ving'ora na relei, zile swichi za umeme zinazopeleka amri kwa vifaa vingine, zisifanye kazi kikamilifu ili usisumbue jengo zima. Inafaa kwa kupima kitambuzi kimoja kimoja, lakini haithibitishi chochote kuhusu lifti, feni za hewa, gesi ya jikoni au kufuli za sumaku. Kwa jedwali hili paneli lazima irudi hali ya kawaida, na wenye jengo wawe wameshajulishwa.

Kila tokeo ninaliangalia kwenye kifaa chenyewe. Paneli ilionyesha relei ya lifti imewaka, na ukisogeza sikio unaisikia ikigonga, lakini lifti iliendelea kupandisha watu. Fundi wa lifti alipofungua kabati lake, tulikuta kipande cha waya kimeunganisha vituo viwili vya ingizo la moto. Kiliwekwa wakati wa ujenzi ili lifti itembee kabla mfumo wetu haujafungwa. Relei ilikuwa inafungua saketi ambayo waya ule ulikuwa unaifunga tena. Aliyejaza jedwali kwa kutazama paneli tu angeandika "sawa".

Kufuli za sumaku zilikuwa na tatizo jingine. Mlango wa ghorofa ya tatu ulifunguka kwa moto wa zoni yake tu, ilhali jedwali lilitaka ufunguke kwa moto wa zoni yoyote. Programu ilirekebishwa papo hapo. Baada ya hapo nilirudia jedwali zima, kwa sababu badiliko moja kwenye programu linaweza kuvuruga mstari uliokwisha kupita.

Siku ya kusaini, kasoro mbili zilikuwa wazi: ule waya wa lifti, na chumba cha mikutano ambacho king'ora kilisikika kwa desibeli 57 mlango ukiwa umefungwa, wakati kiwango cha kawaida ni 65. Msimamizi wa mradi aliomba zihamishiwe kwenye sehemu ya tofauti zilizokubaliwa. Nilikataa. Tofauti iliyokubaliwa ni uamuzi wa muundo ambao mbunifu na mwenye jengo wameupima na kuuridhia. Waya uliosahaulika si uamuzi wa mtu.

Kila kasoro niliipa namba, mahali, madhara yake, hatua ya muda, anayewajibika na tarehe ya mwisho. Kuandika "lifti bado" hakumsaidii anayekabidhiwa jengo. Niliandika hivi: "Lifti haipokei amri ya moto kutoka zoni yoyote kati ya sita. Izimwe na ibandikwe tangazo hadi irekebishwe. Mhusika: mkandarasi wa lifti." Kwa chumba cha mikutano niliandika kiongezwe king'ora, kisha hesabu ya betri ifanywe upya, kwa kuwa betri zinapaswa kushikilia mfumo saa 24 na bado zibaki na nguvu ya kulia dakika 30.

Waya ulipotolewa, nilijaribu lifti kwa moto wa kila zoni. Kwa zoni tano ilishuka chini na kufungua mlango. Kwa zoni ya sakafu ya chini ilisimama ghorofa ya kwanza, kama jedwali lilivyotaka, ili isiwapeleke watu kwenye moto. Namba ya kasoro haikufutwa kwenye cheti; mbele yake niliongeza tarehe ya kupimwa upya, matokeo na saini.