Urari uligoma kwa shilingi 38,000

Natunza vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro. Si duka kubwa: saruji, nondo, mabati, rangi, misumari ya kupima kwa kilo. Leja yetu ni ya karatasi na ina akaunti 23. Mwisho wa mwezi nafunga akaunti, nachukua masalio, naandika urari: orodha ya masalio yote, debiti upande mmoja na krediti upande mwingine, na jumla mbili lazima zilingane. Mwezi wa tano mwaka huu debiti ilisoma 14,834,000 na krediti 14,872,000. Debiti pungufu 38,000.

Mama mwenye duka alipoona nimeganda juu ya karatasi hadi saa kumi na moja jioni, alinihurumia. "Mwanangu, elfu thelathini na nane si ndiyo hela ya mifuko miwili ya saruji tu? Iweke kwenye akaunti ya mashaka, tufunge duka." Akaunti hiyo ndiko inakoegeshwa tofauti ambayo chanzo chake hakijajulikana. Nikamwambia, "Mama, naomba hadi kesho." Tofauti ndogo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu inaweza kuwa masalia ya makosa makubwa mawili yaliyokulana.

Nilianza na yale ya haraka. Nikajumlisha tena safu zote mbili kutoka chini kwenda juu, maana ukirudia kutoka juu, jicho linakosea palepale lilipokosea mwanzo. Jumla zikawa zilezile. Nikalinganisha kila salio kwenye urari na lile la kwenye leja, pamoja na masalio yaliyoletwa kutoka mwezi wa nne. Hakuna kitu.

Hapo nikaiuliza ile tofauti yenyewe maswali matatu. La kwanza: je, kuna muamala wa 38,000 kamili uliosahauliwa upande mmoja? Haupo. La pili: nusu yake ni ngapi? Ukiweka debiti mahali pa krediti, tofauti inakuwa mara mbili ya kiasi chenyewe, kwa hiyo unatafuta nusu. Nusu ni 19,000, na kumbe 19,000 ipo: fundi mmoja alikopa gundi na bawaba tarehe 14. Nikaona nimeshika mwizi. Nikapoteza karibu saa nzima kuichokonoa, lakini ilikuwa imeingia sawasawa: mteja kadebitiwa, mauzo yamekreditiwa. Ilifanana tu na ninachokitafuta. La tatu: inagawanyika kwa 9? Tarakimu zake 3 na 8 zinafanya 11, kwa hiyo haigawanyiki. Kama tarakimu zimepinduliwa mahali, basi hazikupinduliwa peke yake.

Asubuhi yake nikaona hakuna njia ya mkato. Nikachukua penseli, nikaanza kuweka tiki. Unasoma mstari mmoja wa daftari la fedha, unaufuata hadi kwenye leja, kiasi kikilingana na upande ukiwa sahihi unatia tiki pande zote mbili, unakwenda mstari unaofuata. Kwa kawaida ningeanza kwa kukagua safu ya folio, ile ndogo inayoandikwa ukurasa wa leja ulikoposti, yaani ulikohamishia kiasi. Folio ikiwa tupu, muamala haujapostiwa. Lakini zangu zote zilikuwa zimejazwa. Nakumbuka kabisa nilivyozijaza: siku moja nikiwa na kikombe cha chai, niliandika namba za kurasa kwa mkupuo ukurasa mzima, halafu ndiyo nikaanza kuposti. Yaani nilijiharibia kengele yangu mwenyewe. Siku hizi folio naandika baada ya kalamu kutoka kwenye leja, si kabla.

Tarehe 9, mstari wa mwisho chini ya ukurasa: lori la kuleta mabati, 65,000 taslimu. Fedha ilikreditiwa, folio ikaandikwa L17. Nikafungua ukurasa wa 17, gharama za usafirishaji. Tarehe 6 ipo, tarehe 11 ipo, tarehe 9 hakuna. Nilipindua ukurasa wa daftari nikadhani nimemaliza.

Nikaiposti, nikajumlisha upya kwa furaha. Debiti ikapanda hadi 14,899,000. Krediti imebaki 14,872,000. Sasa debiti ndiyo iliyozidi, kwa 27,000!

Nilihisi nimeharibu zaidi. Tofauti kuhama upande si jambo la kupendeza kuliona. Lakini kosa nililosahihisha lilikuwa la kweli, vocha ya dereva iko mkononi, kwa hiyo hiyo 27,000 ilikuwepo tangu mwanzo, imejificha nyuma ya 65,000. Toa moja kwenye nyingine unapata 38,000 yetu ya jana.

Na 27,000 inagawanyika kwa 9. Jibu ni 3,000, na jibu hilo linasema mengi. Ile 3 ni tofauti kati ya tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi, na elfu inaonyesha zilipo: ya makumi elfu na ya maelfu. Kwa hiyo natafuta kiasi chenye 1 na 4, au 2 na 5, 3 na 6, 4 na 7, 5 na 8, 6 na 9, hata 0 na 3, zikiwa zimekaa pamoja kwenye nafasi hizo. Mengine yote nayaruka.

Ila 9 ina ndugu mwingine. Sifuri ikiongezeka au ikipungua, tofauti nayo hugawanyika kwa 9: 3,000 ikiandikwa 30,000 inatoa 27,000 ileile. Nikatafuta kwanza 3,000 na 30,000 kwenye leja, zikawa tatu, zote safi. Kisha nikaangalia kama ipo 27,000 iliyoingia mara mbili. Haipo.

Basi nikapitisha kidole kwenye miamala ambayo haikuwa na tiki bado. Cha kwanza kilikuwa 214,000 ya nondo, moja na nne zimekaa vizuri, vocha inakubali. Cha pili, tarehe 22, malipo kwa msambazaji wa saruji: leja inasema 485,000. Daftari la fedha linasema 458,000. Hati ya malipo inasema 458,000. Akaunti yake ina salio la krediti kwa kuwa tunadaiwa, na mimi nilimdebiti zaidi ya tulicholipa, kwa hiyo deni likaonekana dogo kwa 27,000. Ndiyo maana krediti ya urari ilipungua.

Sikufuta kwa dawa nyeupe. Nilipiga mstari mmoja juu ya 485,000 ili isomeke bado, nikaandika 458,000 juu yake, tarehe, na sahihi fupi. Nikasahihisha salio. Krediti ikafika 14,899,000, sawa na debiti.

"Kumbe mifuko miwili ya saruji ilikuwa na lori ndani," mama akasema nilipomwonyesha. Fikiria tungeitupa kwenye akaunti ya mashaka: faida ingesomeka kubwa kwa 65,000, na msambazaji angeleta hesabu yake tukabishana naye bure.

Kesho yake nilimalizia tiki zilizobaki, kwa sababu nilikuwa nimeachia katikati. Tarehe 27 nikakuta bima ya pikipiki, 48,000, nimeiposti kwenye matengenezo. Nikaihamishia mahali pake. Urari haukutikisika: 14,899,000 huku, 14,899,000 kule, kabla na baada.