Nilivyotumia kipozi na kitondo kumfundisha mpwa wangu sentensi za Kiingereza

Mpwa wangu anasoma hapa Kisumu. Mwalimu aliwapa kazi ya kuandika upya sentensi kama “Give her a book” kwa kutumia “to”, naye akawa anaandika “Give to her a book”. Neno ameliongeza, lakini mpangilio ameuacha vilevile.

Nilimwambia alete daftari la Kiswahili, kwa sababu shamirisho, yaani kinachotendwa au anayetendewa katika sentensi, walishafundishwa. Nikamwandikia: “Mpe Akinyi kitabu.” Kinachotolewa ni nini? “Kitabu, Mjomba.” Hicho ni kipozi. Na anayepokea? Akinyi, yaani kitondo. Tukarudi kwenye Kiingereza, akaonyesha mwenyewe kwamba “a book” ni kipozi na “her” ni kitondo.

Kisha nikakata vipande vya karatasi: “give”, “her”, “a book” na “to”. “A book” niliiacha kwenye kipande kimoja makusudi. Hiyo “a” ikidondoka, inabaki “Give her book”, na msomaji ataelewa kitabu chake. Akasogeza kipozi kikakaa mara tu baada ya kitenzi, akatanguliza “to” mbele ya kitondo: “Give a book to her.” Aliniuliza kama “her” igeuke “she”. La, kwa sababu bado ni shamirisho, hata ikihamia mwisho.

Ugumu ulikuja kwenye “Buy him a shirt”. Aliandika “Buy a shirt to him”, na hapa ndipo wengi wanapopoteza alama. Nikamuuliza: shati laweza kununuliwa pale soko la Kibuye hata kabla mwenyewe hajaliona? Laweza. Je, unaweza kumpa mtu kitu bila yeye kukipokea? Hapana. Basi kitenzi kisichokamilika bila mpokeaji, kama “give”, “show” au “lend”, huchukua “to”. Kile unachoweza kukimaliza peke yako kwa niaba ya mtu, kama “buy”, “cook” au “make”, huchukua “for”: “Buy a shirt for him.” Kipimo hiki hakijibu kila kitenzi, kwani “bring” huweza kuchukua zote mbili kulingana na maana, lakini kwa zoezi lake kilitosha.

Kipo kitenzi kimoja nilichomwonya mapema, “explain”. Kwa Kiswahili twasema “nieleze somo” bila shida, kwa hiyo ulimi unakimbilia “Explain me the lesson”. Kiingereza hakikubali. Hiki kina mpangilio mmoja tu: “Explain the lesson to me.” “Describe” nacho ni vivyo hivyo.

Sentensi ya mwisho ilitaka aondoe “a book” aweke “it”. “Give her it” husikika kwa baadhi ya wenye lugha, lakini kwenye mtihani nilimshauri aandike “Give it to her”, maana kipozi kikiwa kiwakilishi kifupi hivyo, ndio mpangilio wa kawaida.