Nilivyokazia hukumu ya deni langu la asali Tabora

Siku niliyoshinda kesi nilitoka mahakamani nikiamini nimemaliza. Mdaiwa wangu alikuwa amechukua ndoo 180 za asali, kila ndoo lita 20, kwa shilingi 200,000. Alitanguliza milioni 2 akapotea. Hakimu akaamuru alipe milioni 34 zilizobaki, gharama za kesi milioni 1.6, na riba ya asilimia 7 kwa mwaka kuanzia siku ya hukumu. Nikaenda nyumbani Ng'ambo kusubiri simu yake. Miezi mitatu ikakatika, simu haikulia.

Hapo ndipo wakili wangu aliponieleza jambo ambalo ningetamani nilijue tangu siku ya kwanza: mahakama haimfuati mtu kumdai. Hukumu ikishatoka, mshinda tuzo, yaani aliyeshinda kesi na kupewa amri ya kulipwa, ndiye anayepeleka maombi ya kukazia hukumu, na katika maombi hayo anasema kiasi kinachodaiwa, kilichokwisha kulipwa, kama kuna rufaa, na hasa anataka mahakama imsaidie kwa njia ipi: ikamate mali na kuiuza, ikate mshahara, au imfunge mdaiwa. Mali za kukamatwa uzitaje wewe. Hakimu hana kazi ya kuzunguka mitaani kuzitafuta.

Mdaiwa naye alikuwa akitamba kwamba amekata rufaa, kwa hiyo siwezi kumgusa. Si kweli. Rufaa peke yake haizuii utekelezaji, mpaka aombe mahakama isimamishe na mahakama ikubali. Hakuwahi kuomba.

Kosa langu la kwanza lilikuwa haraka. Nilitaka nyumba yake ya Ipuli, wakili akanikatalia kwa sababu nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake sheria inailinda. Nikataja pikapu aliyokuwa akiiendesha kila siku. Amri ikatoka, dalali wa mahakama akaikamata, na wiki ile ile kaka yake akaleta pingamizi. Alikuja na kadi ya gari yenye jina lake, bima yenye jina lake, na watu wawili waliosema gari hilo hubeba mbao zake, mdogo wake huliazima tu. Katika pingamizi mahakama huangalia siku ya kukamatwa mali ilikuwa ya nani na mikononi mwa nani, na kwa niaba ya nani. Sikuwa na chochote cha kumjibu zaidi ya kusema nimemwona akiendesha. Gari likaachiwa, nami nikalipa gharama za pingamizi na za dalali. Niliumia sana, maana kuulizia jina lililo kwenye usajili wa gari kungenigharimu kidogo tu kabla ya kuomba amri.

Baada ya hapo tukabadili njia. Wakili aliomba mdaiwa aitwe mahakamani ahojiwe mali zake chini ya kiapo. Njia hii watu wengi hawaijui, na kwangu ndiyo iliyofungua mlango. Sheria inamruhusu mshinda tuzo kuomba mdaiwa asimame aseme ana mali gani na yeye anamdai nani fedha, na mahakama inaweza kumtaka alete vitabu na nyaraka.

Usiku wa kuamkia siku hiyo tuliandika maswali. Wakili akaniambia, "Mama, ukimuuliza ana mali gani atakujibu hana. Muulize vitu vidogo vidogo." Ndivyo ilivyokuwa. Swali la kwanza alijibu kwa sauti ya chini kwamba yeye ni mtu wa kubangaiza. Akaulizwa ada ya watoto muhula huu imelipwa na nani. Mimi. Kwa fedha gani? Za mshahara. Unapitia benki ipi? Akataja. Msimu huu umenunua mpunga Igunga? Akanyamaza, akatazama dari. Hakimu akamkumbusha kiapo. Nimenunua kidogo. Uko wapi? Kwenye ghala barabara ya Nzega. Funguo za ghala anazo nani? Akaingiza mkono mfukoni kabla hajajibu, kisha akasema, ninazo mimi.

Tulitoka na vitu viwili, mshahara na mpunga. Tukaomba vyote kwa pamoja.

Mshahara ni njia ya uhakika lakini ni ya polepole. Sheria inalinda sehemu ya mshahara ili mtu asikose chakula, na yeye alikuwa tayari anakatwa mkopo wa benki. Kilichoweza kukatwa kikawa shilingi 280,000 kwa mwezi. Nilipiga hesabu: kwa milioni 34 pekee, bila riba wala gharama, ni zaidi ya miaka 10. Ila ina nguvu moja kubwa. Amri ikishamfikia mwajiri, akaendelea kumlipa mfanyakazi mshahara wote, fedha hiyo anaweza kudaiwa mwajiri mwenyewe. Kwa hiyo hakikisha amri imepokelewa na mtu wa malipo, na una nakala yenye muhuri na tarehe.

Mpunga ulikwenda haraka zaidi. Dalali alifika na mtendaji wa mtaa na lori asubuhi, jua limeshatoka. Shemeji, yaani mke wa mdaiwa, alikuja mbio akilia, akidhani wanatoka hapo kwenda kuchukua vitanda na masufuria yake. Dalali akamwambia kwa upole, "Dada, vitanda, nguo na vyombo vya kupikia havikamatwi. Sisi tumeambiwa mpunga." Yakahesabiwa magunia 210, kila aliyekuwepo akasaini orodha. Nami nilisimama pale mpaka gunia la mwisho, kwa sababu orodha yenye pengo ndiyo huzaa ugomvi baadaye.

Tangazo la mnada likabandikwa, zikasubiriwa siku zaidi ya 15, na kila gunia likauzwa kwa shilingi 90,000. Jumla milioni 18.9, na baada ya malipo ya dalali zikaingia milioni 17.4.

Nilishauriwa pia nimfunge kama mfungwa wa madai. Nilikataa. Chakula chake gerezani ningekilipia mimi, mshahara ungeweza kukoma, na deni lingebaki pale pale hata akitoka.

Wiki moja baada ya mnada alikuja dukani kwangu na kaka yake yule wa pikapu, akiomba tuelewane. Alitaka kunipa milioni 12 mkononi, kisha tuandikiane karatasi. Nikamwambia fedha ipite mahakamani. Malipo ya nje yasiporekodiwa mahakamani, mahakama inayotekeleza tuzo haiyatambui, na hilo linaweza kumuumiza yeye anayelipa au kunirudisha mimi kwenye mabishano mapya. Akalipa, ikarekodiwa.

Kwa sasa zimebaki kama milioni 8.6 pamoja na riba, na zinaingia 280,000 kila mwezi kutoka kwenye mshahara wake. Faili langu nimelifungia kwenye sanduku la bati: hukumu, tuzo, amri ya mwajiri, orodha ya mpunga na risiti zote. Tuzo ina miaka 12 ya kutekelezwa, kwa hiyo muda ninao. Akihamishwa kazi, nitarudi mahakamani kuomba amri iende kwa mwajiri mpya, na jina la benki yake ninalo tayari kwenye mwenendo wa mahojiano.